Wastani wa Getini na Saa za Kivukoni: Kumchagulia Mtoto wa Mtongwe Shule

Mapema mwezi wa Januari 2026 mdogo wangu alinijia na karatasi mbili mkononi na swali moja. Binti yake alikuwa amemaliza gredi ya sita katika shule ya serikali iliyo umbali wa dakika kumi na tano kwa miguu kutoka nyumbani kwao Mtongwe, na sasa ilibidi waamue kama ataendelea hapo katika sekondari msingi, yaani gredi ya saba hadi ya tisa, au atahamia shule ya binafsi iliyo kisiwani Mombasa, ng'ambo ya kivuko cha Likoni. Karatasi ya kwanza ilionyesha kwamba shule ya karibu ilipata wastani wa pointi 37 katika KJSEA, mtihani wa mwisho wa gredi ya tisa. Ya pili, yenye picha za rangi, ilionyesha kwamba shule ya kisiwani ilipata pointi 50. "Kaka, tofauti ni pointi kumi na tatu," aliniambia. "Nikimwacha hapa nitakuwa nimemnyima nini?"

Nimefundisha hisabati kwa miaka mingi na nimeshakaa upande wa pili wa meza, ule wa kuwapa wazazi karatasi kama hizo, ndiyo maana swali lake sikulichukulia kuwa jepesi. Wazazi wengi wa Mombasa wanaulizana swali hilo hilo, wa Kisauni wakitazama ng'ambo ya daraja la Nyali na wa Miritini wakitazama mjini, na wengi wao huliamua kwa namba moja iliyoandikwa kwenye bango la geti. Nitaeleza jinsi tulivyoifungua namba hiyo, kwa sababu ndani yake mlikuwa na mambo ambayo wastani hauyasemi, na baada ya hapo tukaiweka mizani na saa za safari. Tarakimu za shule hizo mbili nimezikadiria kidogo ili shule zisitambulike, lakini mwenendo wa hesabu ni ule ule tulioufuata sebuleni kwake.

Kwanza ni lazima kujua matokeo yanayozungumziwa ni ya mtihani gani. Mabango mengi ya shule za msingi bado yana wastani wa KCPE, mtihani uliokuwa na alama 500 na ambao ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Bango linalosema "wastani 372" linasimulia mtihani ambao mtoto wa leo hataufanya kamwe, na mara nyingi linasimulia walimu ambao wengine wamekwisha kuhama. Mtoto wa sasa hufanya KPSEA katika gredi ya sita na KJSEA katika gredi ya tisa, na nafasi yake katika sekondari pevu, inayoanza gredi ya kumi, hupimwa kwa mafungu matatu: KPSEA huchangia asilimia 20, tathmini za shuleni za gredi ya saba na ya nane huchangia asilimia 20, na KJSEA yenyewe huchangia asilimia 60. Kwa mpwa wangu fungu la kwanza lilikuwa limekwisha kuwekwa kibindoni, na hakuna shule yoyote ambayo ingeliongeza wala kulipunguza.

KJSEA ina masomo tisa, na kila somo hupewa pointi moja hadi nane, hivyo jumla ya juu kabisa ni 72. Pointi hizo si alama za kawaida, bali ni ngazi. Mtoto aliyepata asilimia 58 hadi 74 katika somo hupewa pointi sita, na aliyepata 41 hadi 57 hupewa tano, kwa hiyo watoto wawili wanaweza kutofautiana kwa jibu moja tu la hisabati na bado wakatengana kwa pointi nzima, ilhali wengine wawili wanatofautiana kwa alama kumi na sita na wote wakapewa tano. Namweleza mzazi jambo hili mapema kwa sababu tofauti ya pointi mbili au tatu katika jumla ya masomo tisa inaweza kuwa tofauti halisi ya uelewa, na inaweza pia kuwa watoto wachache walioangukia upande huu au ule wa mpaka.

Baada ya hapo tuliuliza watahiniwa walikuwa wangapi. Shule ya kisiwani ilikuwa na 26 na ya Mtongwe ilikuwa na 84. Katika kundi la watoto 26, kama watoto wawili waliopata pointi 68 kila mmoja wangelikuwa wamesoma kwingine na nafasi zao kuchukuliwa na wawili wa pointi 42, jumla ingelipungua kwa 52 na wastani wa shule nzima ungelishuka kwa pointi mbili, bila mwalimu hata mmoja kubadilika. Mabadiliko hayo hayo katika kundi la watoto 84 yangelishusha wastani kwa takriban pointi sifuri nukta sita tu. Shule ndogo hupanda na kushuka kila mwaka kwa sababu ya familia chache, na kwa kuwa KJSEA ya kwanza ilifanywa mwishoni mwa 2025, mzazi anayesoma matokeo hayo sasa ana mwaka mmoja tu mbele yake. Hana namna ya kuona kama namba hiyo ni desturi ya shule au ni bahati ya darasa moja.

Sehemu iliyotuchukua jioni nzima, na ambayo ningependa kila mzazi aifanye hata kwa makadirio, ni kuuliza watoto hao walikuwa wa kiwango gani walipoanza sekondari msingi. Darasa lililofanya KJSEA mwaka 2025 ndilo lililofanya KPSEA ya kwanza mwaka 2022. Kwa hiyo kila shule ina, au inaweza kupata, kumbukumbu mbili za mtoto mmoja: alikuwa wapi gredi ya sita na amefika wapi gredi ya tisa. Mdogo wangu hakuomba majina ya watoto wala matokeo ya mtoto mmoja mmoja, kwani hayo si haki yake. Aliomba hesabu tu, kwa ngazi ambazo KPSEA huzitumia: wangapi waliingia wakiwa wamezidi matarajio katika masomo mengi, wangapi waliingia wakiwa wamefikia matarajio, wangapi walikuwa chini ya hapo, na kila kundi lilitoka na wastani gani.

Mwalimu mkuu wa Mtongwe alimkalisha, akafungua faili na kuhesabu naye kwa penseli. Kisiwani ilibidi aende mara mbili. Mara ya kwanza ofisini alipewa karatasi ile ile ya rangi, na mara ya pili mwalimu wa darasa akamsaidia. Picha iliyotoka ilikuwa hivi. Kati ya watoto 26 wa kisiwani, 15 waliingia sekondari msingi wakiwa tayari wamezidi matarajio katika masomo mengi, kwa sababu shule hiyo huwapa watoto wanaohamia mtihani wa usaili na huchukua wanaoupita. Waliobaki, 11, walikuwa wamefikia matarajio. Hapakuwa na mtoto aliyeingia akiwa chini ya hapo. Mtongwe, kati ya watoto 84, walioingia wakiwa wamezidi matarajio walikuwa sita, waliofikia matarajio walikuwa 23, na 55 walikuwa chini. Shule hiyo haimfanyii mtoto usaili, humpokea yeyote anayefika na cheti cha kuzaliwa.

Mpwa wangu katika KPSEA alifikia matarajio katika masomo yote isipokuwa hisabati, ambako alikuwa anakaribia tu. Basi kundi linalomhusu ni la watoto waliofikia matarajio, na wale 15 wa kisiwani hawamhusu, wala wale 55 wa Mtongwe. Katika kundi hilo la kati, watoto 11 wa kisiwani walitoka na wastani wa pointi 46 na watoto 23 wa Mtongwe wakatoka na pointi 43. Zile pointi kumi na tatu zilizomtia mdogo wangu hofu zilikuwa tatu. Kumi zilizobaki zilitokana na aina ya watoto waliopita getini na hazikuwa kazi ya walimu waliosimama ubaoni.

Sisemi kwamba pointi tatu si kitu. Walimu wa kisiwani huenda wanafanya jambo fulani vizuri zaidi, na kukaa darasani na wenzako wanaosoma kwa bidii kuna faida yake ambayo mwalimu yeyote mkweli ataikiri. Lakini pointi tatu kati ya 72 ni kama asilimia nne, na kwa kuwa KJSEA ni asilimia 60 ya hesabu ya mwisho, athari yake katika nafasi ya sekondari pevu ni takriban asilimia mbili na nusu. Na ikumbukwe kwamba zinatoka kwa watoto 11 tu: mmoja wao angelipata pointi ishirini pungufu, wastani wa kundi ungelishuka kwa karibu pointi mbili na tofauti ingelibaki moja. Hiyo ndiyo faida ambayo familia ingeinunua kwa karo, kwa nauli na kwa muda wa mtoto.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wastani huficha, nami nimelishuhudia katika shule moja niliyowahi kuifanyia kazi ambayo sitaitaja. Mwaka mmoja kabla ya mtihani, wazazi wa watoto dhaifu waliitwa mmoja mmoja, wakaambiwa kwa upole kwamba mtoto "atafaidika zaidi" akirudia darasa au akihamia kwingine. Waliobaki walifanya mtihani na wastani ukapanda, na bango likachapishwa. Njia ya kulitambua ni kuuliza gredi ya saba ilikuwa na watoto wangapi na gredi ya tisa ikasajili wangapi. Kisiwani darasa lilianza na 31 na likasajili 26. Watoto watano wanaweza kuhama kwa sababu nyingi za halali, baba kupata uhamisho wa kazi, familia kurudi Kwale au Kilifi, kwa hiyo sikuihukumu shule kwa hilo. Nilimshauri tu mdogo wangu aulize walikwenda wapi, na mwalimu aliweza kumweleza kuhusu watatu kati yao.

Baada ya namba tulikwenda kupima njia. Wazazi wengi hukadiria safari kwa siku nzuri, nami nilimwomba tuifanye pamoja na mtoto akiwa na mkoba wake wenye vitabu, siku mbili tofauti, kabla ya kulipa chochote. Shule ya kisiwani inataka watoto wawe darasani saa moja kamili kwa masomo ya mapema, ingawa kanuni za elimu zinaweka masomo ya shule za kutwa kuanza saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri. Jumanne tuliondoka nyumbani saa kumi na mbili kasorobo, tukapanda matatu mpaka kivukoni, tukavuka, tukapanda nyingine upande wa pili, tukafika getini baada ya dakika 55. Mdogo wangu alifurahi.

Jumatatu iliyofuata mvua ilikuwa imenyesha usiku. Matatu ilisimama mara mbili kabla ya kufika Likoni, na tulipoingia banda la kusubiria feri ilikuwa imejaa, ikiondoka. Tukasimama. Watu walikuwa wamebanana hivi kwamba mtoto aliugeuza mkoba wake na kuukumbatia kifuani, na mzee mmoja mwenye baiskeli akamwambia, "Mwanangu, simama huku kwangu, huko utakanyagwa." Feri ya pili ilipofungua mlango, umati uliteremka kwa kishindo, mikokoteni ikipiga kelele nyuma yetu, na mimi nikamshika mkono binti wa miaka kumi na miwili ambaye kila siku angeteremka hapo bila mimi. Tulifika getini baada ya dakika 85, saa moja na dakika kumi. Masomo yalikuwa yameanza.

Kwa uamuzi wa shule, dakika 85 zina uzito kuliko dakika 55, kwa sababu mtoto hawezi kujua asubuhi ni siku ipi. Ili asichelewe hata mara moja kwa wiki ni lazima aondoke kila siku kana kwamba ni siku mbaya. Hivyo ataondoka saa kumi na moja na dakika thelathini na tano, na siku nzuri atasubiri nje ya geti nusu saa. Feri moja ikiondolewa kwa matengenezo, foleni huwa ndefu kwa majuma kadhaa, na dakika 85 nazo hazitoshi. Basi la shule, ambalo wazazi wa Likoni huliuliza kwanza, lina shida nyingine: gari husubiri foleni ya magari, ambayo mara nyingi huzidi ya watu wa miguu, na mtoto wa Mtongwe huwa wa kwanza kuchukuliwa na wa mwisho kushushwa.

Jioni anatoka darasani saa kumi na nusu na kufika nyumbani saa kumi na mbili na dakika kumi, magharibi ikikaribia. Ukijumlisha, safari ya kisiwani ni dakika 185 kwa siku na ya Mtongwe ni 30. Tofauti ni dakika 155, na kwa siku tano ni karibu saa kumi na tatu. Siku ya masomo ya kanuni ni saa saba na nusu, kwa hiyo kila wiki mtoto huyu angetoa muda unaokaribia siku mbili za shule ili apande matatu na kusimama kivukoni, na angeutoa kwa miaka mitatu.

Muda huo hautoki hewani. Unatoka mahali maalumu katika siku ya mtoto, na katika nyumba ya Mtongwe mahali hapo panajulikana. Cha kwanza ni chuo. Mpwa wangu huenda madrasa baada ya swala ya alasiri, na akisoma kisiwani saa hiyo yuko darasani au kivukoni, kwa hiyo masomo ya dini yangesongwa yote mwisho wa juma, siku ambazo nazo zina kazi za shule na za nyumbani. Cha pili ni usingizi. Tulikaa tukaandika siku yake kwa saa. Ili aondoke saa kumi na moja na dakika thelathini na tano lazima aamke saa kumi na dakika arobaini na tano, kabla hata ya adhana ya alfajiri. Akifika jioni aoge, aswali, ale, afanye kazi ya ziada, atalala saa tatu na nusu akijitahidi. Hizo ni saa saba na robo. Madaktari wa usingizi hupendekeza saa tisa hadi kumi na mbili kwa watoto wa miaka sita hadi kumi na miwili, na saa nane hadi kumi kwa vijana wa miaka kumi na mitatu hadi kumi na minane. Angekuwa na upungufu wa karibu saa mbili kila usiku wa shule katika mwaka huu wa kwanza.

Nimewaona watoto wa upungufu huo darasani. Hawalali juu ya dawati, hilo lingekuwa rahisi kulitambua. Huandika kila kitu kilicho ubaoni kwa mwandiko mzuri, na ukiwauliza hatua ya pili ilitoka wapi hawajui. Hisabati huumia kwanza kwa sababu humtaka mtoto ashike jambo moja akilini huku akifanya la pili, na hisabati ndilo somo ambalo mpwa wangu alikuwa dhaifu. Kumpeleka mbali kwa sababu ya matokeo kungeweza kulidhoofisha lile lile somo lililohitaji msaada.

Hata hivyo ukaribu peke yake si sababu ya kuichagua shule, na hapa nilikuwa mkali kwa mdogo wangu kuliko alivyotarajia. Iko mitaa ambako shule ya karibu ina darasa la watoto themanini na mwalimu mmoja wa sayansi anayegawanywa kwa gredi zote tatu, na mtoto akikaa hapo kwa sababu ni dakika kumi na tano tu kutoka nyumbani, muda alioupata atautumia kusubiri mwalimu. Kwa hiyo tulikagua mambo mawili Mtongwe. La kwanza lilikuwa ratiba ya gredi ya saba yenye jina la mwalimu mbele ya kila kipindi. Masomo tisa yote yalikuwa na majina, ila mwalimu wa sayansi alikuwa wa kandarasi, na mwalimu mkuu hakulificha hilo. La pili lilikuwa madaftari ya watoto waliokuwa wamemaliza gredi ya saba mwaka uliotangulia. Jirani wa mdogo wangu ana mtoto wa umri huo, tukaliomba daftari la hisabati na la sayansi.

Daftari la mwanafunzi wa kawaida lina habari nyingi. La hisabati lilikuwa na tarehe karibu kila siku ya shule kuanzia Mei hadi Julai, na wino mwekundu haukuishia kwenye alama ya vema. Pale mtoto alipokosea kujumlisha visehemu mwalimu aliandika "tafuta kwanza namba ya chini inayolingana," na siku mbili baadaye swali la aina hiyo lilirudiwa na likapatikana. Daftari la sayansi lilikuwa na pengo la wiki tatu mwezi wa Juni bila hata ukurasa mmoja, kisha kurasa nne za maelezo yaliyonakiliwa kwa siku moja. Hapo ndipo udhaifu wa shule ya karibu ulipokuwa, na wala haukuwa umejificha.

Kisiwani tuliomba vivyo hivyo. Madaftari yao yalikuwa yamejaa katika masomo yote, bila pengo, na sayansi ilikuwa na michoro ya majaribio waliyoyafanya wenyewe. Nilimwambia mdogo wangu wazi kwamba katika somo hilo shule ya kisiwani ni bora, na zile pointi tatu huenda zinatoka hapo kwa sehemu kubwa. Kama wangekuwa wanaishi Ganjoni au Majengo nisingefikiri mara mbili. Na kama shangazi wa mtoto, anayekaa Tudor, angelikuwa na nafasi ya kumpokea siku za wiki, hesabu ya safari ingelibadilika, ingawa kumtoa mtoto wa miaka kumi na miwili kwa mama yake ni suala jingine linalostahili mazungumzo yake.

Mdogo wangu na shemeji waliamua abaki Mtongwe. Sehemu ya fedha ambayo ingekwenda kwenye karo na nauli wanamlipa kijana wa chuo kikuu anayeishi mtaa huo huo, kwa muda wa saa moja mara tatu kwa wiki baada ya madrasa, mbili za sayansi na moja ya hisabati. Niliwaomba wasimwache kijana huyo achague mada kwa kupenda kwake, bali afuate ratiba ya mwalimu na azibe mapengo yanayoonekana kwenye daftari. Na kwa kuwa tathmini za shuleni za gredi ya saba na ya nane ni asilimia 20 ya hesabu ya mwisho, mama yake huuliza mwanzoni mwa kila muhula ni kazi zipi zitahesabiwa na zitafanywa lini. Mtoto anayeishi dakika kumi na tano kutoka shuleni anaweza kubaki saa za mchana kumalizia kazi ya mikono ya kutathminiwa, jambo ambalo mtoto wa kukimbilia feri hulifanya kwa haraka au hulibeba nyumbani likiwa nusu.

Uamuzi huo tumeuwekea mpaka. Mwishoni mwa muhula wa pili tutalifungua daftari la sayansi tena. Likiwa na pengo kama lile la Juni na mwalimu wa kandarasi akiwa ameondoka bila wa kushika nafasi yake, mdogo wangu atarudi kisiwani kuuliza nafasi ya gredi ya nane. Na gredi ya kumi itakapofika, hesabu itaanza upya, kwa kuwa sekondari pevu huchaguliwa kwa mkondo wa masomo, na mtoto anayetaka sayansi hana budi kuifuata maabara ilipo, pengine katika shule ya bweni ambako kivuko hakimhusu tena asubuhi wala jioni. Kwa sasa huamka saa kumi na mbili kasorobo, na wiki iliyopita alinionyesha ukurasa wa visehemu wenye maswali kumi na mawili, tisa yakiwa sahihi, na matatu yaliyobaki akiwa ameyarudia mwenyewe kwa penseli pembeni.